Mdogo wangu kapata chuo Dodoma, bajeti niliyotuma kwenye grupu la ukoo imeua mjadala. Nisaidieni kabla ya kikao cha Jumapili

Dada wa Kasulu
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu wa kiume kapata chuo cha serikali Dodoma, shahada ya ualimu wa sayansi. Sisi tupo Kasulu, baba alishatangulia, mama anaishi kwa kilimo cha maharage na mihogo. Mimi ni muuzaji wa duka la dawa baridi hapa mjini, mshahara wangu mnaweza kukisia.

Majina ya mkopo yametoka, kapangiwa hela ya chakula na malazi, hela ya vitabu 200,000 na ada 520,000 kati ya 1,300,000. Sasa nikakaa nikapiga hesabu ya mwaka mzima, nikaituma kwenye grupu la watsapu la ukoo, tupo watu kama 30 humo lakini kaya ni 11. Hii hapa nilivyoandika:

Ada 1,300,000
Chakula 10,000 kwa siku, siku 240 = 2,400,000
Laptopu 900,000
Vitabu 200,000
Godoro, ndoo, nguo na viatu 350,000
Nauli kwenda na kurudi 120,000
Bima ya afya 50,400
Michango ya usajili ya chuo 85,000
Hosteli 150,000
Dharura 300,000
JUMLA 5,855,400

Wakuu tangu Jumatano hakuna aliyejibu. Shangazi mmoja tu kaweka ile alama ya mikono ya dua. Baba mdogo aliyeko Tabora kanipigia pembeni kaniuliza "si ana mkopo huyu, hizi milioni sita za nini?" nikakosa jibu la kunyooka. Jumapili kuna kikao kwa baba mkubwa, anaripoti chuo wiki tatu zijazo. Naenda na karatasi gani?

Kijana wa Nyakato
Dada pole, mi nshapita humo. Ushauri wangu kusanya ada yote mlipe 1,300,000 mara moja dogo asajiliwe kwa amani, Bodi ikilipa ile yao chuo kinawarudishia nyie kwenye akaunti ya dogo. Halafu kata rufaa mkopo uongezwe, dirisha huwa linafunguliwa, ada yote itakuja.

Mama Tausi
Kwangu mimi hiyo laptopu ndo imeharibu kila kitu. Laki tisa! Mtu anayelima anaona laki tisa ya kompyuta anafunga simu.

Mzee wa Leja
Dada wa Kasulu, nimekaa dirisha la uhasibu la chuo miaka mingi na kwenye ukoo wetu mimi ndo naitwa kila mtoto akipata chuo, kwa hiyo haya nayajua kwa pande zote mbili. Bajeti yako haina uongo, ila umewaonyesha watu gharama ya mwaka mzima wakati swali lao ni moja tu, kinachopungua ni kiasi gani na kinahitajika lini. Baba mdogo wako hajakosea kuuliza vile.

Anza na kutoa vyote ambavyo mkopo umeshabeba. Hela ya chakula na malazi kapewa, kwa hiyo hiyo 2,400,000 isionekane kabisa kwenye karatasi ya ndugu. Vitabu kapewa, toa. Ada 520,000 kapewa, toa, inabaki 780,000. Na hiyo 780,000 haidaiwi yote siku ya kwanza, vyuo vingi vya serikali vinapokea kwa semista, soma fomu ya kujiunga ukurasa wa malipo utaona. Ukigawa sawa semista ya kwanza ni 650,000, Bodi inabeba 260,000, nyie mnatafuta 390,000. Umeona ilivyoshuka, toka milioni moja na laki tatu mpaka laki tatu na tisini.

Halafu kuna kitu umekisahau kabisa na ndo kinawatesa watoto kuliko ada. Bumu, yaani ile hela ya mkopo ya chakula na malazi, halishuki siku anayoripoti. Lazima kwanza asajiliwe, afungue akaunti, asaini, majina yaende yarudi. Wiki 4 au 5 zinapita huku mtoto anakula. Hapo ndo ndugu wanahitajika kweli, na hakuna anayeiandika kwa sababu kwenye hesabu ya mwaka haionekani. Wiki 5 kwa 5,000 kwa siku ni 175,000.

Na kijana wa Nyakato ngoja nikurekebishe kidogo. Hela ya ada ya Bodi inaenda chuoni moja kwa moja, haipiti kwa mwanafunzi. Ukishalipa yote halafu ya Bodi ikaingia, inakuwa ziada kwenye leja ya mwanafunzi, kwa kawaida inahamia semista inayofuata. Kurudishiwa taslimu kunawezekana ila ni barua, ni foleni, nimeona watu wanafuatilia mpaka mwaka unaisha. Rufaa akate, ni haki yake, lakini majibu yanakuja watu wameshaanza vipindi zamani. Usiiweke kwenye bajeti kama hela iliyopo.

Kijana wa Nyakato
Sawa mzee, mi nlirudishiwa ndo maana nikasema. Ila kweli ilikuwa mwaka wa pili mwishoni.

Dada wa Kasulu
Mzee shikamoo na asante sana, hiyo ya bumu kuchelewa sikuijua kabisa, nlijua anafika anapokea. Sisi wenyewe tuna kitu kidogo, mama ana magunia mawili ya maharage ya mwezi wa sita hajayauza alikuwa anasubiri bei, dalali kamwambia yote mawili 360,000. Mimi nina 150,000. Niwaambie ndugu au nikae kimya wasije wakaona tunazo?

Mjomba wa Mbagala
Waambie! Tena uwe mstari wa kwanza kabisa juu ya karatasi.

Dada mimi ndo yule mjomba wa Dar ambaye kila ukoo unaye, kila mwezi wa kumi simu hailali. Mwaka juzi nlipigiwa na mtoto wa dada yangu, salamu hata haijaisha naambiwa "mjomba tumekupangia laki tano". Sikutoa hata mia na mpaka leo roho inaniuma kwa sababu yule binti aliahirisha mwaka. Lakini mjue na mimi napanga nyumba, nina watoto wanne, laki tano nilipangiwa bila kuulizwa. Mwaka jana mdogo wangu wa Kilwa akafanya tofauti. Alinitumia picha ya karatasi ya mkono, juu ameandika "tumeuza mbuzi watatu, tuna 270,000", chini vitu vilivyobaki kimoja kimoja na bei yake, akaniuliza "kaka hapa utabeba kipi?" Nikabeba viwili siku hiyohiyo. Ndugu akiona mmeshauza cha kwenu anajua hii safari ipo hata asipotoa, na hapo ndo anataka jina lake liwemo.

Mwalimu wa Webuye
Salamu kutoka Kenya. Nyinyi mnaongea bajeti na sisi huku tungekuwa tumeshachapisha kadi za harambee! Dada, tafuta mgeni rasmi mapema, mtu wa siasa au mfanyabiashara, halafu chifu na mchungaji wakae meza kuu. Lakini nikuonye na yaliyonipata. Tulimfanyia binti yangu harambee ya karo, tukakodi hema na viti, tukapika, tukalipa mtu wa vipaza sauti. Zilipatikana shilingi 131,000 za Kenya, tukitoa gharama 48,000, tukabaki na 83,000, na ndani yake kuna hundi ya mtu mkubwa ambayo benki iliirudisha. Mwaka uliofuata nikafanya kwa watu kumi na tano sebuleni, chai na mkate, ikatoka vizuri kuliko ile.

Dada wa Kasulu
Mwalimu asante, huku kwetu kikao ni cha ukoo tu, hakuna mgeni rasmi, kila mtu anakula kwake anakuja.

Mzee wa Leja
Hiyo ndo nafuu yenu. Sasa nikupangie karatasi, andika kwa mkono kwa herufi kubwa, ukurasa mmoja, watu wazima hawasomi simu.

Vitu vya semista ya kwanza mpaka bumu la kwanza lishuke, kwa bei zako mwenyewe na mbili tatu nimekukadiria: ada 390,000, bima 50,400, michango ya chuo 85,000, hosteli 150,000, kipimo cha afya cha ile fomu 20,000, nauli na chakula cha njiani 80,000, godoro na ndoo na shuka 120,000, chakula cha wiki 5 ni 175,000. Jumla 1,070,400.

Sasa hapa ndo kwenye siri yenyewe. Mna 510,000 mkononi. Ada, bima na michango ya chuo ukijumlisha ni 525,400, na hivyo vitatu ndo vinamzuia mtoto kusajiliwa, vingine vyote akikosa atasajiliwa tu akahangaika baadaye. Kwa hiyo hela ya maharage na yako iende huko, mmepungukiwa 15,400 tu. Hela ya uhakika inalipa kitu chenye tarehe, ahadi za ndugu zinalipa kitu kinachoweza kusubiri siku kumi. Watu wengi wanafanya kinyume, hela ya nyumbani wananunua sanduku na godoro jipya, ada wanaiacha kwa ahadi, halafu siku ya mwisho ya usajili ahadi haijafika.

Kwa ndugu unabaki na 545,000, ukiongeza ile 15,400 ni 560,400. Kaya 11. Hapo hakuna mtu atakayekaa kimya.

Na bima, uliza kwanza kama kijana yupo kwenye kadi ya bima ya mtu yeyote kihalali ambayo bado hai. Akiwa nayo anaonyesha kadi halipi ile 50,400 mara ya pili. Kwenu mama ni mkulima pengine hamna, ila uliza.

Mjomba wa Mbagala
Mzee hapo kwenye ada napingana na wewe kidogo. Ndugu wa mbali tunapenda tulipe ADA maana tunajua hela imefika chuoni. Tukisikia "chakula cha wiki tano" tunaona inaenda kuliwa na watu wengine huko nyumbani. Nipe kontroli namba nilipie mwenyewe kwenye simu nipate risiti, nalala.

Mzee wa Leja
Mjomba una hoja na siipingi. Mtu wa hivyo apewe kontroli namba, kisha kile kiasi cha maharage alichookoa kihamie kwenye chakula. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. Kontroli namba zinatofautiana, nyingine inapokea vipande vipande, nyingine inataka kiasi kilekile kilichoandikwa, ukituma pungufu inagoma. Na zina tarehe ya kuisha. Nimeona ukoo unachangishana wiki mbili kwa namba iliyokufa, siku ya kulipa kila mtu anaambiwa ankara haipo, hela zikarudi matumboni. Kijana atengeneze namba siku chache kabla ya kulipa, na aangalie kwenye ankara imeandikwa nini kuhusu malipo ya sehemu.

Mama Tausi
Na nani anashika hela? Kwetu hapo ndo panapovunjika undugu. Aliwekwa binamu mmoja, kijana mzuri tu, namba yake ndo ikatumika, ahadi kwenye kikao zilifika 1,150,000 zikaingia 640,000, lakini kwa kuwa hakuna aliyekuwa anaandika kila kilichoingia, wale waliotoa wakaamini zimefika zote na yeye amekula. Mpaka leo hawasalimiani na mama yangu mkubwa. Na hakula jamani, nliona meseji zote.

Mwaka wa Pili
Mi niko chuo sa hv, nasoma ualimu pia. Laptopu sikuwa nayo mwaka wa kwanza, nlitumia chumba cha kompyuta cha chuo na kuchapa kazi kwenye stesheneri za nje ya geti, inawezekana ila foleni wiki ya majaribio ni mateso, usiku unakukuta. Hela ya vitabu ilipotoka nikaongeza kidogo ya bumu nikanunua ya mtumba. Rafiki yangu wa sayansi ya kompyuta yeye hakuweza hata wiki mbili. Kwa hiyo inategemea anasoma nini. Na godoro msibebe kutoka Kasulu, hosteli zingine zina magodoro tayari, aulize waliotangulia, akikosa anunue Dodoma, kwenye basi wanamtoza mzigo.

Kingine, asidanganyike na bumu la kwanza. Siku 60 kwa 10,000 ni laki sita, mtu hajawahi kushika laki sita maishani, inaisha wiki tatu. Kama wenzangu wangejua semista ya pili kuna ada inadaiwa wangeficha mapema.

Mzee wa Leja
Kijana kaniwahi. Karatasi iwe na sehemu ya pili fupi, "Semista ya pili". Pengo la ada ni 390,000 nyingine. Mtoto aahidi mbele ya kikao, yeye mwenyewe kwa mdomo wake, kwamba kila bumu atatoa 100,000 ampe dada aweke. Mabumu mawili ni 200,000, inabaki 190,000, na hiyo mama anaitafuta kwa maharage ya vuli. Hapo jibu la "mtatuita tena lini" unalo.

Kwenye kikao kila ahadi iandikwe na tarehe, na tarehe iwe angalau siku tano kabla ya usajili. Ikifika tarehe hiyo unahesabu kilichomo mkononi tu, ahadi unazifuta kwenye hesabu kimoyomoyo. Kila jioni tuma kwenye grupu nani katoa na kiasi, jumla ya leo, kilichobaki. Anayetoa kitu badala ya hela andika kitu.

Kijana wa Nyakato
Na kanisani? Kwetu mchungaji alitangaza zikapatikana.

Mama Tausi
Kanisani msikitini VICOBA kote unaenda, ila uwe na nakala ya barua ya udahili na barua ya mtendaji, na uwaombee kitu kimoja tu. Usiwasomee bajeti nzima. "Chakula cha wiki za mwanzo" inatosha, kila mama anaelewa njaa.

Dada wa Kasulu
Wakuu nimerudi, kikao kilikuwa jana. Nimeandika vile mzee alivyosema, juu kabisa maharage ya mama na 150,000 yangu, ile 15,400 nikaiongeza mwenyewe nikaona aibu kuipeleka. Kwa hiyo karatasi ilikuwa ya 545,000.

Baba mkubwa aliisoma kwa sauti, alipofika kwenye maharage akanyamaza kidogo akamwangalia mama. Nauli 80,000 baba mdogo wa Tabora kaituma hapohapo kwa simu, yuleyule aliyeniuliza. Kipimo cha afya kabeba kaka yetu mmoja bodaboda. Hosteli wamegawana wawili, mama mdogo katoa 70,000 na mjomba kaahidi 80,000 tarehe 25. Shangazi katoa godoro na shuka mbili, nikamwambia kwa upole tulichoambiwa hapa kuhusu basi, akasema basi atalibakisha atume thamani yake 80,000, kaituma leo asubuhi, inabaki 40,000 ya ndoo na vitu vidogo. Kanisani chakula 63,500 na unga kilo 25, ila kijana kauliza wakubwa zake wanasema hosteli hawaruhusu kupika, mama kasema unga ubaki nyumbani yeye atauza mihogo afidie.

Kwa hiyo sijapata 231,500, na 80,000 kati yake ni ya ahadi. Kilichonishinda ni baba mkubwa. Anasema kijana aandike karatasi kwamba akiajiriwa atasomesha mtoto mmoja wa ukoo, aweke sahihi mbele ya wazee. Mdogo wangu yuko tayari, mama hataki kabisa, anasema ni kumfunga mtoto nira kabla hajaanza. Kikao kiliishia hapo.

Mjomba wa Mbagala
Mama yupo sahihi. Asisaini.

Mzee wa Leja
Mimi nilisainishwa hivyohivyo mwaka 1984 na nikasomesha wawili, sikujuta, ila nimeona wengine imewafukuza kijijini hawarudi hata msibani. Hilo siwezi kukuamulia dada, ni la mama na baba mkubwa.

Kwenye hela, hosteli 70,000 iliyopo ukiongeza 5,000 tu inatosha kushika nafasi kama chuo kinapokea nusu kwa semista, maana nusu ni 75,000. Apige simu kwa ofisi ya malazi kesho aulize hilo kabla ya kumfuata mjomba. Chakula una 63,500, kwa 5,000 kwa siku ni siku 12, karibu 13. Kwa hiyo unachotafuta sasa ni wiki tatu za chakula, jiulize kwenye zile kaya 11 nani bado hajabeba kitu.

Dada wa Kasulu
Kaya nne hazijabeba. Naanza na yule aliyeweka mikono ya dua, si shangazi wa godoro, ni mwingine.